Barua kwa mgonjwa wa Njoro: kwa nini mionzi, si upasuaji

"Daktari, ile siku ya kliniki uliposema ni saratani ya mlango wa kizazi, masikio yangu yaliziba. Binti yangu aliandika '2B' kwenye daftari, na neno 'mionzi', basi. Huku nyumbani naambiwa ukinyimwa upasuaji ujue imeshindikana. Kwa nini msinitoe kizazi tu mambo yaishe? Na uniambie ukweli, nitapona?"
Mama wa miaka 46, Njoro

Mama,

Mionzi uliyopangiwa ni ya kuponya. Ndivyo nilivyoandika kwenye faili yako, na kama ingekuwa ya kupunguza maumivu tu ningekuambia vilevile, mbele ya binti yako. Kukuahidi kwamba utapona siwezi, na mbele kidogo nitakupa hesabu jinsi ilivyo. Ila hakuna mtu hapa Nakuru aliyekutazama akaona imeshindikana.

Mgonjwa akisikia lile neno, mengi yanayofuata humpita, kwa hiyo naandika upya yale niliyosema siku ile, na mengine ambayo muda haukutosha. Msome pamoja, wewe na binti yako. Si lazima umalize kwa siku moja.

Kile kinyama nilichokukata kilipelekwa maabara, na jibu ni saratani ya seli bapa, aina inayoonekana zaidi kwenye mlango wa kizazi. Kukatwa hakukuisambaza. Najua maneno hayo yanazunguka, na yamewafanya akina mama wengi wakatae kipimo, lakini bila kile kinyama tusingejua tunatibu nini. Uvimbe wenyewe una kama sentimita 4. Nilipokupima kwa vidole, njia ya mbele na ya nyuma, nilisikia ugumu umetoka kwenye mlango wa kizazi na kuingia kwenye nyama laini iliyo kando yake, upande wa kushoto. Haujafika kwenye ukuta wa nyonga. Hiyo ndiyo 2B: imetoka nje ya mlango, haijagusa ukuta. Ultrasaundi ilionyesha figo zote mbili hazijavimba, maana yake njia za mkojo hazijabanwa. CT skani ya kifua na tumbo haikuonyesha uvimbe kwenye mapafu, ini wala tezi. Hizo ni habari njema, na nakusihi uzibebe kwa uzito uleule ulioibebea ile mbaya.

Sasa upasuaji. Daktari akitoa kizazi, hupitisha kisu kando ya mlango wa kizazi, ndani ya ile ile nyama laini ambayo kwako tayari ina ugonjwa. Akikata pale anaacha seli za saratani pembeni mwa kidonda. Hawezi kusogea nje apendavyo, kwa sababu hapo ndipo mirija inayoleta mkojo kutoka kwenye figo inapopita, na mishipa mikubwa ya damu iko jirani. Basi ungefanyiwa upasuaji mkubwa, ukae wiki kadhaa ukingoja kidonda kipone, halafu uletwe kwenye mionzi ile ile ambayo ungeanza nayo. Madhara yangekuwa ya matibabu mawili, na nafasi ya kupona isingeongezeka. Tena mionzi ikipita mahali palipokatwa, utumbo huweza kushikamana na kuziba, na mkojo kuvuja. Upasuaji unawafaa wale ambao uvimbe wao bado mdogo na umebaki ndani ya mlango wa kizazi. Kwa hatua yako, mionzi ndiyo dawa kuu duniani kote, si hapa kwetu tu ambako vifaa ni vichache. Ukiulizwa nyumbani, jibu hivyo: mionzi inafika mahali ambapo kisu hakifiki.

Matibabu yenyewe yana sehemu mbili, na wagonjwa wengi hushika ya kwanza wakaisahau ya pili.

Ya kwanza ni mionzi ya nje. Utalala juu ya meza ya mashine, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki tano. Jumla ni mara 25. Kabla ya kuanza utapigwa CT skani ya kupanga, na fundi wa mionzi atakuwekea alama ndogo nyonga kulia, kushoto na mbele. Ukioga usizisugue, kwa sababu kila siku tunakulaza sawasawa kwa kuzifuata. Mashine inavuma tu, haiumi wala haichomi wakati ule, na ndani ya kama robo saa umeshashuka mezani. Tutakuomba ulale kibofu kikiwa kimejaa, ili utumbo usukumwe juu, nje ya njia ya mionzi. Usianze kunywa maji ukiwa Njoro, maana utateseka kwenye matatu. Ukifika kliniki, nenda choo kwanza, kisha unywe chupa ya nusu lita, ungoje kama dakika 40 au utakavyoelekezwa. Nataka kibofu kiwe kile kile kila siku. Siku kikiwa kitupu, utumbo hushuka na kupigwa mionzi ambayo si yake.

Mara moja kwa wiki, katika wiki hizo tano, utatundikiwa dripu ya dawa inayoitwa sisplatini. Hii ni kemo, lakini kiasi chake ni kidogo. Kazi yake kubwa kwako ni kuidhoofisha saratani ili mionzi iimalize vizuri zaidi. Tafiti zilizotoka mwaka 1999 zilionyesha wanawake waliopewa mionzi pamoja na sisplatini wanaishi zaidi kuliko wa mionzi peke yake, na tangu hapo ndivyo tunavyotibu. Wengi hawapotezi nywele kwa kipimo hiki. Kichefuchefu kipo, na dawa ya kukizuia utapewa kabla hujaanza kukisikia. Kinachonipa wasiwasi ni figo, kwa kuwa sisplatini huzichosha. Ndiyo maana utatolewa damu kila wiki kabla ya dripu, na ndiyo maana nakuomba unywe lita 2 au zaidi kwa siku. Usimeze Brufeni wala diklofenaki bila kutuuliza, hata kwa maumivu ya mgongo. Na dawa za mitishamba, Mama, uziweke kando mpaka tumalize. Siijui ile uliyoletewa kwenye chupa, na vipimo vya figo vikipanda siku ya dripu sitajua kama ni sisplatini au ni hiyo. Mwenye kukuletea alikupenda. Mwambie tu daktari amekataza kwa sasa. Wala usiingize chochote ukeni, iwe unga wa mizizi au maji ya chumvi.

Sehemu ya pili ni mionzi ya ndani. Mionzi ya nje ina mpaka wake: ikizidi kiasi fulani, utumbo na kibofu vitaharibika kabla uvimbe wa sentimita 4 haujafa. Kwa hiyo tunamalizia kwa ndani. Ukishapewa dawa ya usingizi au ya ganzi, daktari anaingiza kijirija chembamba kupitia ukeni hadi ndani ya kizazi. Unapigwa picha kuhakikisha kimekaa sawa, kisha mashine inatuma humo chembe ndogo yenye mionzi, ikae dakika chache karibu kabisa na uvimbe, halafu inairudisha. Kijirija kinatolewa na siku hiyo hiyo mara nyingi unaruhusiwa kwenda. Utafanyiwa mara tatu au nne. Ukitoka pale hakuna mionzi iliyobaki mwilini mwako, wala ile ya nje haibaki. Unaweza kumbeba mjukuu, kupika, kulala kitanda kimoja na mzee wako.

Kwa hiyo ya ndani nimeomba nafasi Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, na nimeiomba sasa, kabla hujaanza ya nje, kwa sababu foleni ipo. Hapa naomba unisikilize sana. Baada ya wiki ya tano damu huwa imekauka, uchafu umeisha, mama anajisikia mzima. Ndipo wengine huona safari ya Nairobi haina haja. Uvimbe umenywea lakini haujafa, na ukiachwa pale unarudi, mara nyingi ndani ya miaka miwili, na ukirudi kwenye nyama iliyokwisha kupigwa mionzi, hatubaki na mengi ya kufanya. Mionzi ya nje bila ya ndani, kwa ugonjwa kama wako, ni matibabu ambayo hayajakamilika.

Tena yote, ya nje na ya ndani, tunataka yaishe ndani ya wiki nane tangu siku ya kwanza. Saratani hii ikianza kuuawa, seli zinazobaki huongeza kasi ya kuzaana. Kila siku inayopotea baada ya wiki hizo nane hupunguza nafasi ya kuudhibiti uvimbe, kidogo kidogo lakini kwa hakika. Hebu tuhesabu. Mionzi ya nje inakula wiki tano, ya ndani wiki mbili hadi tatu. Ukikosa siku tatu kwa mazishi, siku mbili kwa kukosa nauli, na mashine ikaharibika siku tatu, umeshatoka nje ya muda. Mashine ikiharibika hilo ni letu: tunaweza kukuita Jumamosi, au kukupiga mara mbili kwa siku moja, angalau saa sita zikiwa zimepita katikati. Nauli na mazishi ni yenu, na ndiyo maana naandika mapema. Kaeni kama familia mwamue nani atakuleta siku gani, na kama kuna ndugu hapa mjini ambaye unaweza kulala kwake kuanzia wiki ya tatu, uchovu unapozidi, hilo litasaidia kuliko kitu kingine chochote mtakachonunua.

Kitu kingine kinachoweza kuharibu hesabu ni damu. Ulipofika hapa hemoglobini yako ilikuwa 8.1, kwa vile umekuwa ukitokwa na damu miezi mingi. Mionzi inahitaji oksijeni kwenye uvimbe ndipo iue vizuri, na oksijeni hubebwa na damu. Nataka uwe 10 au zaidi muda wote wa matibabu. Chupa moja ya damu hupandisha karibu 1, kwa hiyo utaongezwa chupa mbili kabla ya siku ya kwanza, kisha tupime tena. Wanao wakija kuchangia damu benki ya hospitali, watakuwa wamefanya jambo la maana.

Sasa hesabu niliyokuahidi. Tukiwachukua wanawake kumi wenye hatua kama yako, waliomaliza matibabu yote, baada ya miaka mitano takribani sita au saba wako hai. Watatu au wanne, ugonjwa huwa umewashinda, ingawa nao walifanya kila kitu sawa. Mapema sijui wewe utakuwa upande upi. Yanayokuvuta upande mzuri ni kwamba figo zako ni nzima, tezi ziko safi, na mwili wako bado una nguvu ya kubeba matibabu kamili. Yanayokuvuta upande wa pili ni ukubwa wa uvimbe na ile damu ndogo, na ya damu tunaweza kuirekebisha. Bila matibabu hakuna hesabu ya sita wala saba: uvimbe utaendelea kukua, utabana mirija ya mkojo, na figo zitafunga. Kwa hiyo matumaini yapo, na ni zaidi ya nusu, lakini yamefungwa pamoja na zile wiki nane.

Nisikufiche gharama ya mwili. Kuanzia wiki ya pili au ya tatu utaharisha, mkojo utawasha, na utachoka uchovu ambao usingizi hauumalizi. Hayo hupungua wiki chache baada ya kumaliza. Hedhi itakoma moja kwa moja, kwa sababu mionzi inafunga mayai, na utasikia lile joto la ghafla usiku. Lina dawa, tutazungumza. Uke unaweza kuwa mwembamba na mkavu. Tutakupa kifaa laini cha kuupanua na kukuonyesha namna ya kukitumia, na kukutana na mume kunawezekana tena ukishapona. Wachache hubaki na shida ya muda mrefu ya utumbo au kibofu, kama damu kwenye choo miezi au miaka baadaye. Ukiiona usiinyamazie, wala usidhani moja kwa moja kwamba saratani imerudi.

Binti yako alinivuta pembeni akaniuliza kama ugonjwa huu umetokana na uhuni, maana kuna mtu nyumbani amesema hivyo. Unatokana na kirusi kinachoitwa HPV, ambacho karibu kila mtu aliyewahi kukutana kimwili hukipata wakati fulani. Wengi mwili hukiondoa wenyewe. Kwa wachache hukaa kimya, na kutoka hapo hadi saratani mara nyingi hupita miaka kumi na mitano au zaidi. Hakuna daktari awezaye kusema ulikipata lini wala kwa nani. Mtu asikubebeshe mzigo huo, wala usimbebeshe mume wako. Cha kufanya ni hiki: binti yako mkubwa, mwenye miaka 27, aje apimwe mlango wa kizazi, kwa siki au kwa kipimo cha HPV, na yule mdogo wa darasa la sita apate chanjo, ambayo serikali huwapa bure wasichana wa miaka 10 hadi 14, na ilianza kutolewa mwaka 2019.

Kuhusu malipo, nenda na kitambulisho dawati la SHA kabla ya wiki hii kuisha, uhakikishe mchango wa familia umelipwa. Kila hatua ya matibabu huombewa kibali kivyake, cha mionzi na cha kemo, na kiwango kinachohesabiwa ni cha familia nzima kwa mwaka. Kibali kikichelewa nipigie kliniki siku hiyo hiyo. Nimewahi kuona matibabu yakisimama wiki nzima kwa karatasi iliyokosa sahihi moja tu.

Kuna mambo usiyangojee kliniki. Ukitokwa na damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja, usiku au mchana, njoo kasualti. Ukianza sisplatini na joto la mwili likafika 38, njoo. Mkojo ukipungua sana au ukiuma ubavuni, njoo. Ukitapika hata maji, au ukiharisha zaidi ya mara sita kwa siku, usisubiri kesho. Ukiwa mbali nasi, ingia hospitali yoyote iliyo karibu na uwaonyeshe barua hii.

Ukimaliza yote tutakupima baada ya miezi mitatu, si mapema zaidi, kwa kuwa mionzi huendelea kufanya kazi baada ya mashine kuzimwa na picha ya haraka hudanganya. Kisha nitakuona kila baada ya miezi mitatu au minne kwa miaka miwili, wakati ambapo ugonjwa ukirudi hurudi zaidi, halafu kila miezi sita mpaka mwaka wa tano.

Jumatatu ijayo fika kliniki saa mbili asubuhi, ukiwa umekula. Njoo na kitambulisho, CD ya CT skani, karatasi ya maabara, na dawa zote unazotumia, hata ile ya chupa, tuitazame pamoja. Njoo na binti yako na daftari lake. Na kama mzee wako anaweza kupata ruhusa ya siku moja, naye aje, maana najua ana maswali, na ningependa ayaulize mwenyewe.

Daktari wako wa saratani,
Nakuru